Miundi inawasha, imekuwa ya kahawia na ina magamba. Ni fangasi au ni mishipa?

Mchapati
Habari za usiku jameni. Mimi ni mtu wa chapati na roleksi, Wandegeya. Nasimama mbele ya sigiri tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa nne usiku, mwaka wa 14 huu. Umri wangu 47.

Mguu wa kushoto una mishipa iliyojisokota kama kamba kuanzia nyuma ya goti. Mama alikuwa nayo vilevile, kwa hiyo sikuijali. Kinachonitesa kiko chini, juu kidogo ya jicho la mguu upande wa ndani. Ngozi imekuwa ya kahawia iliyokolea, nyeusi kuliko mimi mwenyewe, na nikivua soksi magamba yanamwagika kama pumba. Muwasho wake ni wa usiku. Nasugua kwa kisigino cha mguu wa pili nikiwa usingizini, asubuhi shuka lina madoa ya damu. Mguu wa kulia nao umeanza, kidogo.

Duka la dawa walisema fangasi, wakanipa tyubu ile ya dawa tatu ndani ya moja. Wiki ya kwanza ilitulia, ya pili ikarudi na hasira. Kliniki moja wakasema ni maambukizi, wakanichoma sindano siku 5. Mwaka huu wamenichoma hivyo mara tatu, na homa sijawahi kuwa nayo hata siku moja. Sasa tangu juzi kuna sehemu inatoa majimaji. Hii ni fangasi sugu? Nipake nini?

Dereva_Malaba
Pole bosi. Hiyo si fangasi, ni damu kukaa chini. Sisi wa malori tunaijua sana, ukikaa foleni ya mpakani siku mbili miguu inakuwa kama magogo. Damu ikikaa inaoza, na ile rangi ya kahawia ni chuma kimezidi mwilini. Acha maini, acha dodo kwa muda. Halafu nunua bendeji ya kuvuta, funga mguu kwa nguvu kabisa mpaka usikie ganzi, damu itapanda yenyewe.

Mama_Kapchorwa
Kwetu mlimani bibi yangu alikuwa na miguu ya namna hiyo, minene, ina vinundu kama kokoto. Watu walisema amerogwa. Baadaye wakaja watu wa afya wakasema ni udongo, kwa sababu alilima bila viatu maisha yote. Mchapati, wewe ulilima peku ukiwa mdogo? Nunua viatu vya kufunika na uoshe miguu kila jioni.

Sista_Vidonda
Nimefanya kazi chumba cha kufunga vidonda miaka 19, sasa nimestaafu niko Jinja. Kabla sijasema kitu, Mchapati nijibu haya.

Ile kahawia inashuka mpaka kwenye vidole, au inaishia kwenye kifundo? Katikati ya vidole pana ukoko mweupe wenye harufu? Jioni ukibonyeza muundi kwa dole gumba ukahesabu mpaka 10, panabaki shimo? Una sukari? Unavuta sigara? Ukitembea haraka shavu la mguu linauma mpaka usimame? Na ngozi ya hapo, ukiifinya inainuka au imeganda?

Mchapati
Asante sista. Inaishia kwenye kifundo, mguu wenyewe na vidole ni safi. Jioni shimo linabaki, asubuhi hakuna. Sukari nilipima mwezi wa pili, sina. Sivuti. Nikitembea napata nafuu, nikisimama ndiyo taabu. Kushoto nikifinya haiinuki, ni ngumu kama ubao, na mguu umekuwa mwembamba pale chini halafu mnene juu. Mke wangu anasema ni kama chupa iliyogeuzwa kichwa chini.

Sista_Vidonda
Mke wako ameona vizuri. Madaktari nao wanautaja kwa mfano wa chupa.

Hii ni pumu ya ngozi inayoletwa na vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni. Haikuanzia kwenye ngozi, ndiyo maana kila unachopaka kinashindwa. Chukua mambo yalivyo. Damu ikishafika kwenye unyayo inatakiwa kupanda mpaka moyoni, na hakuna moyo wa pili huko chini. Kinachoisukuma ni shavu la mguu. Unapopiga hatua, misuli inabana vena, damu inapanda, na ndani ya vena kuna vilango vinavyofunga ili isirudi. Mtu mzima akisimama tuli, presha ndani ya vena za kifundo hufika 80 mpaka 90. Akitembea hatua chache inashuka mpaka 30 au chini ya hapo. Wewe vilango vyako vimelegea, damu ikipanda inarudi, kwa hiyo hata ukitembea presha haishuki inavyopaswa. Na wewe hutembei, unasimama masaa 16, na joto la sigiri linapanua vena zaidi.

Presha ikikaa juu hivyo miaka, mishipa midogo ya ngozi inaanza kuvuja. Kwanza maji, ndiyo ule uvimbe wa jioni. Baadaye chembe nyekundu za damu zenyewe zinapenya, zinafia kwenye ngozi, na chuma chao kinabaki pale. Dereva amepatia nusu. Ni chuma kweli, lakini ni cha damu iliyovuja mahali hapo, hakikuja na chakula. Ukiacha dodo utapungukiwa damu na mguu utabaki na rangi yake. Mwili nao unaona uchafu umemwagika, unatuma askari wake, na vita hiyo ndiyo muwasho na magamba. Vita ikiendelea, mafuta ya chini ya ngozi yanageuka kovu. Huo ndio ubao unaousikia ukifinya.

Na hapo ndipo kidonda kinapotokea. Ngozi iliyovujiwa hivyo haina nguvu ya kujirekebisha. Mtu mwingine akijikuna, baada ya siku 4 pamefunga. Kwako mkwaruzo uleule unatoa maji, maji yanalowesha ngozi ya pembeni, nayo inawasha, unakuna tena. Ukiona mkwaruzo umepita wiki 2 haujafunga, usiuite mkwaruzo tena. Ni kidonda cha vena. Kwa hiyo hilo doa la majimaji ndilo linalonitia wasiwasi, kuliko rangi.

Mama Kapchorwa, ule wa bibi ni ugonjwa wa udongo mwekundu wa volkano, upo Elgon, na Kamwenge waliugundua 2015 baada ya watu kudhani ni matende. Ule huanzia vidoleni na kwenye unyayo, halafu unapanda. Huu wa Mchapati umeruka mguu wenyewe.

Binti_Ntinda
Samahani kuingilia. Sista umesema presha. Mama yangu ana presha, ya 160, anameza amlodipini, na miguu imemvimba tangu aanze. Kwa hiyo akiongeza dozi presha ya miguu nayo itashuka?

Sista_Vidonda
La, binti, usiongeze! Kosa langu kutumia neno moja. Presha inayopimwa mkononi ni ya mishipa inayotoka moyoni. Ninayoisema mimi ni ya vena, damu inayorudi, na mtu anaweza kuwa nayo mbaya huku ya mkononi ni 120. Halafu amlodipini yenyewe huvimbisha miguu kwa watu wengi, na ukiongeza dozi uvimbe unaongezeka. Asiiache ghafla. Arudi kwa aliyemwandikia aseme, "miguu imevimba tangu dawa hii." Zipo nyingine.

Kijana_wa_Famasi
Mimi nauza dawa, na niseme kitu. Sisi tunalaumiwa bure. Mteja anakuja amefunika mguu kwa suruali, anasema "nipe ya kuwasha", ana haraka, boda inamsubiri. Ile tyubu ya tatu kwa moja inafanya kazi kwa wengi. Ina ya fangasi, ya bakteria na steroidi. Sasa kama ilimtuliza wiki ya kwanza, si ina maana ilikuwa sawa, ila dozi haikukamilika?

Sista_Vidonda
Ilimtuliza kwa sababu ya steroidi, kijana wangu, hiyo huzima muwasho wowote. Fikiria kilichofuata. Wiki ya pili ilirudi na hasira. Nyingi za tyubu hizo zina neomisini au jentamisini, na ngozi ya miguu hii ndiyo hodari wa kupata mzio kwa vitu hivyo, kuliko ngozi nyingine yoyote ninayoijua. Mtu anapaka, inawasha, anadhani ugonjwa umezidi, anapaka zaidi. Nimeona mguu ambao upele ulikuwa na mpaka ulionyooka palepale dawa ilipoishia. Sabuni za dawa na losheni za manukato nazo ni hivyohivyo, na zile krimu za kung'arisha.

Na zile sindano. Maambukizi ya ngozi huja kwa mguu mmoja, ndani ya siku mbili tatu, mguu unakuwa wa moto na unauma, mara nyingi na homa. Kwenye ngozi yetu wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo linganisha joto kwa mgongo wa mkono, mguu huu na ule. Yeye ana miguu yote miwili, miezi mingi, bila homa. Hiyo haikuhitaji sindano 15.

Kijana_wa_Famasi
Sawa kuhusu neomisini. Lakini zipo zisizo na neomisini, na bado naamini fangasi zinaweza kuwa juu ya hii. Hujamkwangua ukapeleka maabara.

Sista_Vidonda
Hapo una haki. Akimwona daktari wa ngozi akwanguliwe. Dakika chache tu.

Afande_Mstaafu
Mimi nimesoma kimya kuanzia mwanzo. Mchapati, nisikilize. Mguu wangu ulikuwa huo wako. Kahawia, magamba, muwasho wa usiku. Nilikuwa lindoni, buti masaa 12, sikuenda popote. Siku moja buti jipya likanichubua juu ya jicho la mguu, mchubuko wa ukubwa wa punje ya hindi. Nikaweka unga wa tetrasaiklini. Baada ya mwezi ukawa kama sarafu. Nikaweka asali, nikaweka majivu ya mgomba, mke akaleta majani. Ulikuja kufika upana wa kiganja, hauna kina, kingo zimekatika ovyo kama ramani, na maji! Nilikuwa nabadilisha kitambaa mara tatu kwa siku na bado soksi inaloa. Harufu ilinifanya nikae mwisho wa benchi kanisani.

Kidonda ndugu kilikaa nami miaka 6. Aliyekiponya hakutumia dawa yoyote ya ajabu. Alinisafisha kwa maji, akaweka kitambaa kisichoganda, halafu akafunga bendeji za tabaka nne kuanzia mzizi wa vidole mpaka chini ya goti. Kila wiki anafungua, anaosha, anafunga. Wiki ya 17 kikafunga. Nikashangilia, nikatupa soksi za kubana kwa sababu ya joto. Baada ya miezi 8 kikafumuka palepale. Sasa navaa.

Dereva_Malaba
Kwa hiyo nilisema kweli, bendeji ya kukaza!

Sista_Vidonda
Ulisema afunge mpaka asikie ganzi, hapo ndipo unaweza kumkata mtu mguu. Kubana kunasaidia vena, lakini kama mishipa inayopeleka damu chini nayo imeziba, ukibana unaifunga kabisa, na vidole vinakufa. Kwa hiyo kwanza hupimwa. Anachukuliwa presha ya kifundo kwa mashine ndogo ya Dopla na presha ya mkono, wanagawanya. Ikiwa 0.8 kwenda juu, kwa kawaida anaweza kubanwa kwa nguvu. Chini ya hapo ni kwa tahadhari na kwa mtaalamu, na chini ya 0.5 habanwi, anapelekwa kwa daktari wa mishipa. Wenye sukari msijidanganye na namba kubwa. Mishipa yao ikikakamaa kipimo kinatoa 1.4 huku damu haifiki, wao huangaliwa vidole.

Na bendeji inabana zaidi kifundoni, inalegea ikipanda. Wengi hufunga kinyume, pamoja na baadhi ya wauguzi wenzangu.

Mchapati
Nimerudi baada ya wiki mbili. Nilipanga foleni hospitali kubwa ya serikali siku mbili tofauti, siku ya pili nikaonwa. Daktari alikwangua, fangasi hakuna (Kijana wa Famasi usinune). Kifundo cha kushoto 132, mkono 128, akasema ni 1.03, damu inashuka vizuri. Ultrasaundi ikaonyesha vena ndefu ya upande wa ndani wa paja imelegea, damu inarudi chini. Vena za ndani hazijaziba.

Amenipa betamethasoni ya marhamu, nipake kidogo mara moja kwa siku kwa wiki 2 kwenye magamba, nisiguse pale panapotoa maji. Mafuta ya mgando yasiyo na manukato asubuhi na jioni. Na soksi za kubana za presha ya 20 mpaka 30. Soksi nimezitafuta maduka manne katikati ya mji, bei yake ni kama mauzo yangu ya siku mbili. Na sasa ndiyo naleta malalamiko: haziingii! Nimehangaika asubuhi nusu saa, nimetoka jasho, kucha imezitoboa kidogo. Na mbele ya sigiri ni moto kama nimevaa blanketi.

Sista_Vidonda
Umezivaa saa ngapi?

Mchapati
Baada ya kuoga na kukanda unga. Kama saa kumi na moja na nusu.

Sista_Vidonda
Umechelewa. Kukanda unga ni kusimama, mguu umeshaanza kujaa. Vaa ukiwa bado kitandani. Ligeuze soksi nje ndani mpaka kisigino, ingiza mguu, kisigino kikae mahali pake, ndipo ulivute taratibu kwa viganja, usilishike juu ukalivuta kama suruali. Mafuta paka usiku, ukipaka asubuhi soksi itateleza na kuharibika. Vaa glavu za mpira za kuoshea vyombo, zinashika kitambaa na kucha hazitoboi. Usilikunje juu, mkunjo unakuwa kamba. Na ulipimwa mguu lini dukani?

Mchapati
Jioni.

Sista_Vidonda
Basi ulipimiwa mguu uliovimba. Rudi asubuhi wapime palipo pembamba juu ya kifundo na palipo panene kwenye shavu. Inawezekana hiyo ni kubwa kwako, na bado unaiona inabana.

Kuhusu joto sina uchawi. Weka kipande cha bati kati ya sigiri na miundi yako. Weka stuli ndefu, kila usipogeuza chapati kaa. Ukisimama, inuka kwa vidole na ushuke, mara 20, kila unapongoja mayai yaive. Hilo ndilo shavu la mguu linalosukuma damu. Na mchana ulale nusu saa miguu ikiwa juu kuliko moyo. Kuiweka kwenye kiti umekaa haitoshi. Usiku weka tofali chini ya miguu ya kitanda upande wa nyayo.

Mama_Kapchorwa
Nani atamuuzia chapati akiwa amelala miguu juu? Sista, maisha ya watu bwana.

Sista_Vidonda
Najua. Hata dakika 15 mara mbili ni bora kuliko sifuri.

Mchapati
Wiki ya 7 sasa. Soksi nimebadilishiwa, saizi ndogo, na kweli inaingia vizuri zaidi. Bati nimeweka. Majimaji yalikauka wiki ya 3, magamba yamekwisha, usiku nalala. Steroidi niliacha kama nilivyoambiwa. Rangi iko palepale, na ule ubao umelainika juu lakini chini bado. Pana kidoa cheupe kama kovu la moto katikati ya kahawia, ukubwa wa kidole, kina vidoti vyekundu. Mwanzoni nilifurahi nikadhani rangi yangu inarudi.

Sista_Vidonda
Rangi usiisubiri, inaweza kukaa miaka au isiondoke. Ile nyeupe si kupona. Ni kovu la mahali ambapo mishipa midogo imekufa, na ni pa kwanza kupasuka ukigongwa. Pafunike, usipakune, na umwonyeshe daktari.

Mchapati
Daktari amesema ile vena inaweza kufungwa, kwa mashine ya kuichoma kwa ndani au kwa upasuaji wa kawaida. Ya mashine ni kwa hela nyingi, ya kawaida nisubiri foleni. Nifanye, au soksi zinatosha?

Afande_Mstaafu
Mimi sikufanya. Soksi zimenitosha miaka 3.

Kijana_wa_Famasi
Fanya. Kuna utafiti wa Uingereza wa 2018, watu wenye vidonda vya vena. Wote walibanwa, ila nusu walifungiwa vena mapema na nusu wakangoja. Wa mapema vidonda vilifunga kwa siku 56, wengine 82.

Sista_Vidonda
Hao walikuwa na vidonda tayari, kijana, yeye hana. Lakini nikiangalia ubao ule na kidoa cheupe, ningeingia kwenye foleni. Soksi haifungi kilango kilicholegea, inakisaidia tu wakati umeivaa. Afande hakupimwa vena ya juu, au?

Afande_Mstaafu
Sikupimwa. Kwani nikapimwe sasa?

Sista_Vidonda
Nenda. Na Mchapati, soksi hizo zikikaribia miezi 6 za kuvaliwa kila siku zitakuwa zimelegea hata kama hazijachanika. Nunua jozi ya pili sasa, uwe unafua moja unavaa nyingine. Maji ya baridi, usianike juani.

Dereva_Malaba
Sista, na sisi wa malori tunavaa namba ngapi? Nimevua kiatu hapa, nimeona kahawia kidogo juu ya kifundo.